Majivu ya Jirani Yangu

Asubuhi baada ya moto, watu wa mtaa wa Muhima walipita mmoja mmoja kutupa pole, mimi na jirani yangu wa dukani, na mimi nilizipokea pole hizo huku nikimwonea yeye wivu. Duka lake lilikuwa limeungua lote. Langu lilikuwa limeungua nusu.

Najua mtasema nina roho mbaya. Subirini kwanza. Wakala wa bima, yule aliyetuuzia mikataba sisi wote wawili siku moja, alishuka kwenye pikipiki, akachungulia kwa jirani yangu, akasema, "Hapa ni hasara kamili," karibu kwa heshima. Kisha akachungulia kwangu. Majora ya vitenge ya nyuma yalikuwa yameliwa na moto. Ya mbele yalikuwa yameloa maji ya zimamoto, yananuka moshi, rangi ya hili imehamia kwenye lile. Akajikuna shingo. "Mama, kwako iko kazi," akasema. Yaani hata katika kuunguliwa, jirani yangu alikuwa amenizidi.

Tulikuwa ukuta kwa ukuta katika jengo moja, kwenye mteremko unaoshuka Nyabugogo, sote tukiuza vitenge. Mimi nilikulia Bujumbura, nikarudi na Kifaransa cha masista na Kiswahili cha mjini. Yeye alikulia Kampala, akarudi na Kiingereza. Kinyarwanda tulikijua sote, lakini wateja wetu wengi walikuwa Wakongo, na Kiswahili cha kupatana nao bei kilitunogea hata tukabaki nacho sisi kwa sisi.

Kiingereza chake ndicho kilichoniuma kwanza. Akija mteja mwenye miwani na mfuko wa ngozi, huyo hakuwa wangu tena. Halafu akaleta sanamu la kuvalisha nguo, la kike, halina kichwa, akaliweka mlangoni. Wateja walikuwa wakipita mbele yangu, mwanamke mwenye kichwa na salamu zote, wakaenda kumtazama yule asiye na kichwa. Halafu, kana kwamba hayo hayatoshi, akafungua kiduka cha pili Gisimenti, kati ya baa na baa, kwa ajili ya wasichana wanaotaka kitenge cha harusi ya kesho.

Mimi nilifanya nini? Nilimpiga picha. Si yeye, duka lake. Nilikuwa nasimama nje nikijifanya naongea na simu, simu iko sikioni, halafu naishusha kidogo, naelekeza kwenye kioo chake, na kuipandisha tena. Rafu zake, sanamu lake, mzigo wake mpya. Usiku hapana, duka likifungwa ilikuwa mwisho. Lakini jioni kabla hajafunga, karibu kila jioni. Picha nilimtumia dada yangu Bujumbura. "Angalia ameleta nini tena." Dada yangu alikuwa akijibu neno moja: "Utaugua." Sikuugua. Nilikuwa nikiziangalia picha zile kitandani, nikizikuza kwa vidole, nikihesabu alichonacho ambacho mimi sina.

Na bado tulikuwa tukiagiza mzigo pamoja. Hilo wasiofanya biashara hulishangaa. Lakini mfanyabiashara mdogo hajazi kontena, wala nusu yake. Mnaungana, mzigo unasafiri kama wa mtu mmoja, hati ya forodha inatoka kwa jina moja na kwa namba moja ya mlipakodi. Jina lilikuwa lake kila mara, kwa sababu wakala wa forodha alikuwa mtu wake na barua za kiwandani zilikuja kwa Kiingereza. Mimi nilimtumia fungu langu kwa benki. Marobota yaliwekwa alama kule kule kiwandani ili tusigombane yakifika: yangu mstari mwekundu, yake mstari wa bluu. Mzigo ukishushwa, mekundu kulia, bluu kushoto, na kila mtu akaingiza vyake kwake. Hatukuwahi kugombana hata jora moja. Wivu wangu ulikuwa na adabu, ulikuwa hauibi.

Basi, wakala alituambia mambo mawili. Andikeni barua pepe leo leo, na msiguse kitu mpaka mkaguzi wa hasara afike. Kama bima isingelipa, mimi nisingerudi tena kwenye duka la Muhima. Ningemaliza umri wangu nikizunguka maofisini na vitenge begani, nikiwabembeleza makarani wakati wa chai. Hilo nililijua pale pale, nikiwa nimesimama na viatu vilivyojaa maji meusi.

Jirani yangu aliandika kwenye kompyuta ya mumewe kabla sijajua niketi wapi. Mistari michache: namba ya mkataba, jengo lilipo, moto umeanza lini, inavyosemekana ulianzia kwenye nyaya za fundi cherehani wa juu, nini kimeungua, makadirio ya hasara, tafadhali mtumeni mkaguzi. Kabla ya mchana alikuwa amejibiwa na kupewa namba ya madai. Alinionyesha. Alifikiri ananipa moyo.

Mimi nilikaa kwenye ngazi nikaandika kwa Kifaransa kwenye simu. Nilianza na Mungu nikamalizia na Mungu. Katikati nilieleza moshi, nilieleza nilivyopigiwa simu nikatoka na kanga kiunoni, nilieleza nilivyoanza biashara na beseni moja. Dada yangu alipoisoma alilia. Bima hawakulia. Walijibu kwa mistari miwili: wanasikitika sana, na je, namba ya mkataba wangu ni ipi? Nilikuwa sijaiweka. Yule mwingine ana namba ya madai, mimi bado natafutwa mimi ni nani.

Mtu wa sekta, ofisi ya serikali ya mtaa, naye akaja, anataka vifusi viondolewe kando ya barabara, mji lazima uwe safi. Nikamjibu kwamba bima imekataza. Akasema uchafu haujui bima. Hapo jirani yangu akaingia kati kwa upole ule wake, akawaandikia bima barua nyingine ya haraka, akaambatisha picha za vifusi, akaomba ruhusa ya kuviingiza ndani ya kuta bila kuvitupa. Wakakubali, mtu wa sekta akaridhika, wapagazi wakavisogeza. Hata ruhusa ya kusogeza majivu yangu mwenyewe niliipata kwa Kiingereza chake.

Nilipotuma namba ya mkataba, na mimi nikapata namba yangu ya madai, na chini yake orodha ya ushahidi wanaoutaka. Nitawatajia, kwa sababu orodha ile niliishi nayo mpaka nikaijua kama sala ya asubuhi. Nakala ya mkataba wa bima. Mkataba wa pango. Taarifa ya polisi na ya zimamoto kuhusu chanzo cha moto. Hati za forodha na ankara za ununuzi. Taarifa ya mauzo kutoka kwenye mashine ya risiti za kodi. Orodha ya mali iliyokuwa dukani siku ya moto, ipi imeteketea na ipi imeharibika, kwa bei ya kununulia. Picha za duka baada ya moto. Picha za duka kabla ya moto.

Ya kwanza yalikuwa mepesi. Polisi waliandika umeme, zimamoto wakaandika umeme. Mashine yangu ya risiti iliyeyuka ikawa kama ugali ulioanguka, lakini mauzo yenyewe yanabaki kwa watu wa kodi, wakanitolea. Orodha ya mali nikaikosea, nikaandika bei ya kuuzia, kwa sababu moyoni mwangu vitenge vile nilikuwa nimeshaviuza. Wakairudisha. Bima hailipi faida uliyoiota, inalipa ulichotoa. Nikaandika upya, huku naumia kwa kila mstari.

Kwenye hati za forodha nikakwama. Sina. Zina jina la mwanamke mwingine. Nusu ya duka langu, machoni pa karatasi, ilikuwa duka lake.

Na picha za kabla? Nilifungua simu yangu. Duka lake. Duka lake. Harusi ya mpwa wangu. Duka lake, sanamu limevaa kitenge cha njano. Duka lake. Niliteremka mpaka kidole kikachoka. Duka langu mwenyewe sikuwahi kulipiga picha hata moja. Ningelipigia nini? Nilikuwa nakaa humo.

Mkaguzi wa hasara alikuwa mwanaume wa makamo, mpole, mwenye viatu vya mpira na kamera shingoni. Alianza kwangu. Alifunua jora moja moja, akanusa, akabana kwa kidole, akaandika. Aliniambia vilivyoloa nivianike, nisiviuze, nisivigawe, nisivitupe. Vitathaminiwa, na thamani itakayobaki itatolewa kwenye fidia. Magunia ya marobota mawili yalikuwa bado yamesimama mlangoni hayajafunguliwa, yameloa tu, yana mstari mwekundu. Akaupiga picha mstari.

Kisha akaenda kwa jirani yangu, na mimi nikamfuata mpaka kwenye mpaka wa ukuta uliokuwepo. Nilitaka kuona anavyomaliza haraka. Hasara kamili, kuna nini cha kukagua? Lakini ilikuwa kinyume. Kwangu alikuwa na kitu cha kushika. Kwake alisimama mbele ya majivu na karatasi, akawa anaangalia karatasi, anaangalia majivu.

"Madamu," akamwambia, "hati ya forodha inasema marobota haya yote ni yako. Kwenye orodha yako umeandika nusu tu. Ile nusu ingine iko wapi?"

Jirani yangu akachokonoa majivu kwa ncha ya kiatu.

"Na hii nusu umeandika," mkaguzi akaendelea, bila ukali, "nitajua aje ilikuwa hapa? Uko na duka ingine Gisimenti. Mzigo inaweza kuwa ilipelekwa kule."

"Ilikuwa hapa," akasema. "Yote ilikuwa hapa."

"Nakuamini. Lakini bima hailipi imani. Nitumie kitu."

Nisiseme uongo: moyo wangu ulicheza. Ulicheza kabisa, mpaka nikaogopa utaonekana. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji, wanasema, lakini mimi nilikuwa nimenyolewa tayari na bado nikafurahia wembe ulipofika kwake.

Siku zilizofuata nilianika vitenge nyumbani kwangu Kicukiro. Kamba zilijaa, ua wa miti ukajaa, majirani wakadhani nina sherehe. Ilinyesha, nikaanua; likatoka jua, nikaanika. Harufu ya moshi iliingia mpaka kwenye maharage. Na kila nilipopita kati ya kamba nilijua: mimi nina mali isiyo na karatasi, yeye ana karatasi isiyo na mali. Ilinipasa kwenda kumwomba ile orodha ya marobota kutoka kiwandani, ile inayoonyesha alama ya kila robota, nyekundu na bluu. Ilikuwa kwenye barua pepe zake, haikuungua. Lakini kumwomba! Nilipendelea kuanika.

Akaja yeye. Alikuja bila kupiga simu, kwa miguu kutoka kituoni, amevaa kitambaa kichwani kama mtu aliye msibani. Nikamwekea kiti kati ya kamba, nikampa chai na maandazi. Akashika kikombe bila kunywa.

"Dada," akasema, "ile nusu lazima tuseme ni yako."

"Kwani hukuwaambia tangu mwanzo?"

"Niliogopa. Nikisema nilikuwa ninaingiza mzigo ya mtu mwingine kwa jina yangu, watu wa kodi watauliza. Nikafikiri wataangalia tu vitu yangu, watanyamaza."

"Wewe na Kiingereza yako yote," nikasema, "ukafikiri hawajui kuhesabu?"

Akacheka kidogo, kwa uchungu. Akasema alikuwa amewaza anitolee risiti sasa, kama aliniuzia ile nusu. Nikamwambia mashine ile inapiga tarehe yenyewe, saa yenyewe, haibembelezwi. Risiti ya leo kwa mali ya kabla ya moto itatufanya wezi bila kuiba. Akatikisa kichwa. Alilijua hilo, alitaka tu mtu amwambie.

"Basi tuandike kweli," nikasema. "Mimi kwa barua yangu, wewe kwa yako. Mzigo ulikuwa wa watu wawili. Weka ile orodha ya alama. Mimi naweka karatasi za benki za pesa niliyokutumia. Magunia yangu mekundu mkaguzi ameyapiga picha mwenyewe. Kwa watu wa kodi tutaenda pamoja, wakitupiga faini tulipe."

"Utaenda na mimi?"

"Niende na nani?"

Akasema orodha atanitumia, akaanza kunywa chai. Nilidhani tumemaliza, na niliona hata fahari kidogo, kwa mara ya kwanza mimi ndiye niliyetoa mpango. Ndipo akasema, polepole, "Hiyo itasaidia wewe. Vitu yako iko hapa, wameigusa. Lakini yangu? Wanataka kujua kama ilikuwa mule ndani. Picha zote zilikuwa kwa simu ya duka, na simu niliiacha kwa chaji pale. Zile nilikuwa ninaweka kwa status zinapotea siku ya pili. Hata moja sina. Mume wangu anasema tuache tu. Tufunge na ya Gisimenti, turudi Kampala kwa mama yake."

Turudi Kampala. Nilikuwa nimeliombea neno hilo kwa miaka. Nilikuwa na simu mfukoni mwa aproni, nzito, inanipiga pajani kila nikijisogeza. Hakuna mtu aliyejua kilichomo isipokuwa dada yangu, na dada yangu hasemi. Ningenyamaza tu. Orodha ya alama alikuwa amekwisha kuniahidi. Madai yangu yangepita, yake yangekwama, na mimi ningefungua duka jipya Muhima bila sanamu la mtu yeyote mlangoni. Nililiona duka lile. Nililiona vizuri kabisa, na wateja wenye miwani wakiingia.

Kisha nikaona kitu kingine ambacho sikukitarajia: jioni, mimi nimesimama nje, simu iko sikioni, na hakuna kioo cha kuelekeza.

Nikaitoa simu nikampa. "Angalia," nikasema, na nikaenda kuanua vitenge vilivyokuwa bado vibichi, ili nisimwone usoni.

Nilianua kamba nzima. Niligeuka nikiwa nimejiandaa kutukanwa, na majibu nilikuwa nayo, makali, nimeyapanga. Lakini alikuwa analia. Alikuwa ameshika simu yangu kwa mikono miwili, anateremka polepole, anakuza rafu kwa vidole kama nilivyokuwa nikifanya mimi kitandani.

"Kumbe duka yangu ilikuwa nzuri hivi?" akasema.

Nikamwambia ndiyo. Ilinitoka kwa hasira. "Ilikuwa nzuri sana, hukuwa unaiona?"

"Nilikuwa ninaona madeni tu na vumbi. Angalia ile njano, jamani. Angalia." Akafuta macho. "Hii ni ya siku ile. Ni jioni ile ile kabla ya moto."

Ilikuwa jioni ile ile. Rafu zimejaa hadi juu, na chini, kando ya meza, marobota yake yenye mstari wa bluu, hayajafunguliwa. Picha safi kuliko zote nilizowahi kupiga. Siku hiyo mkono haukutetemeka kwa sababu nilikuwa nimeona mzigo wake umeuzidi wangu kwa uzuri na nilikuwa na hasira ya kutosha.

Hakuniuliza kwa nini. Ningependa angeniuliza. Bima ndio waliouliza.

Kwanza nilimtumia yeye picha kwa WhatsApp, naye akazipeleka bima. Wakazirudisha: picha zikipita huko hupungua ubora na tarehe zake hupotea, wanataka faili zenyewe kutoka kwenye simu iliyopiga, zitumwe na aliyepiga, kwa barua pepe yake, aeleze ni nani, alizipiga lini na kwa sababu gani. Niliposoma "kwa sababu gani" nikaiweka simu chini. Mtu anayepiga picha duka la mwenzake jioni, na usiku huo linaungua! Nikajiona kituo cha polisi. Nikampigia dada yangu Bujumbura, akasema, "Chanzo ni umeme, polisi wameandika. Wewe sema kweli. Ukianza kusema ulikuwa unapenda rangi, wataanza kukuchimba."

Nikakaa chini. Safari hii sikuanza na Mungu. Nikaweka namba yangu ya madai na namba ya madai ya jirani yangu. Nikaeleza mzigo wa pamoja na alama za marobota. Nikaorodhesha viambatisho kimoja kimoja kwa jina lake, na nikahakikisha vimeingia vyote. Vilikuwa vizito, nikavigawa kwenye barua tatu na kila moja nikaiandika ni ya ngapi. Nikafika kwenye sababu. Niliandika "kwa kumbukumbu", nikafuta. Nikaandika "kwa ajili ya kulinganisha bei", nikafuta, kwa sababu bei hazionekani. Mwishowe nikaandika kwa Kifaransa kilichonyooka, kile walichonichapia masista: picha hizi nilizipiga mimi mwenyewe, kwa zaidi ya miaka miwili, kwa sababu nilikuwa namwonea jirani yangu wivu. Nikasoma tena. Nikatuma.

Nilitegemea dunia itapasuka. Jibu lilikuja kesho yake: "Tumepokea viambatisho vyote. Sababu imezingatiwa. Asante kwa ushirikiano." Sababu imezingatiwa! Mtu anaandika dhambi yake, wanaigonga muhuri kama risiti ya petroli.

Mkaguzi alizitumia zote. Alikaa na picha zangu akahesabu rafu za jirani yangu, jora kwa jora, akazilinganisha na hati ya forodha na mauzo. Wivu unaona vizuri: hakuna kona niliyokuwa nimeiacha. Aliniambia kwa simu, sauti yake ikiwa na tabasamu nililoweza kulisikia, kwamba katika kazi yake yote hajawahi kupata duka lililoandikwa vizuri hivyo kabla ya kuungua. Kwa watu wa kodi tulienda pamoja tukakemewa pamoja, tukalipa faini. Na sasa kila mmoja huagiza kwa namba yake.

Bima ilitulipa sote. Yeye alilipwa karibu orodha yake yote. Mimi nililipwa iliyoteketea, na kwa iliyoloa wakatoa thamani ya mabaki, kama walivyosema, wakaniachia vile vitenge vyenye moshi niviuze mwenyewe kwa bei ya kutupa. Nilisaini hati ya kukubali malipo huku nikijua jirani yangu amenizidi tena. Ndiyo, amenizidi. Kwa picha zangu. Msinicheke, moyo hauombi ruhusa.

Tulipata nafasi katika jengo jingine, Muhima ile ile, ukuta kwa ukuta tena, kwa sababu mwenye jengo alitaka wapangaji wawili wanaojuana. Amenunua sanamu jipya. Hili lina kichwa.

Siku ya kufungua, tulipokuwa tunapanga majora, nilimuuliza lile ambalo lilikuwa linanikaba tangu siku ya chai. Nililiuliza kama mzaha, nimempa mgongo, mikono yangu iko kwenye rafu.

"Na wewe, kwenye ile simu yako iliyoungua," nikasema, "ulikuwa na picha ngapi za duka langu?"

Alisimama, akafikiri kwa uaminifu, maana ni mtu mwaminifu, hilo nalo huniudhi.

"Za duka yako?" akasema. "Hapana, dada. Ningepiga picha ya nini?"

Hakusema kwa ubaya. Aliendelea kupanga vitenge vyake, bluu kwa bluu, njano kwa njano. Nami nilitoka nje kama mtu aliyepigiwa simu, nikaweka simu sikioni, nikasimama pale barabarani nikilitazama duka langu jipya kupitia kioo kwa muda mrefu. Kisha nikaishusha simu kidogo, nikalipiga picha mwenyewe.